Vipindi vya kununuliwa, matangazo madogo au mikataba ya miradi: bajeti ya redio ya jamii Moshi iegemee wapi?

Bili za redio ya jamii haziji kwa mwendo mmoja. Umeme unalipwa kabla haujatumika, maana LUKU haikopeshi. Mishahara inasubiri mwisho wa mwezi. Ada ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inakuja kwa mwaka. Transmita ikiungua haisubiri mtu. Kwa hiyo meneja au mjumbe wa bodi anaponiuliza redio yao iegemee kipato gani, mimi huanza kwa kuuliza hela hiyo inaingia siku gani na inakuja na masharti gani. Nimeshika vitabu vya redio za huku Kilimanjaro kwa miaka kadhaa, na nimeona redio yenye mapato makubwa kwenye karatasi ikizimika saa mbili usiku kwa kukosa uniti.

Njia zinazowasumbua watu kuchagua ni tatu. Ya kwanza ni kuuza vipindi vizima: nusu saa au saa nzima ananunua mhubiri, taasisi au mfanyabiashara, na anaijaza mwenyewe. Ya pili ni matangazo madogo ya sekunde 30, pamoja na salamu, vifo na mikutano. Ya tatu ni mikataba ya miradi, ambapo shirika linalipa redio itengeneze mfululizo wa vipindi kuhusu lishe, maji, elimu au kilimo.

Nitazilinganisha kwa redio moja ya mfano, ili hesabu zisielee hewani.

Redio yetu ya mfano

Tuseme iko kwenye miteremko juu ya mji wa Moshi, ina transmita ya kilowati 1, na inarusha saa 18 kwa siku, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 5 usiku. Ina waajiriwa sita: meneja, fundi wa muda, watangazaji wawili, mhasibu na mlinzi. Mishahara yao kwa pamoja ni shilingi 2,400,000 kwa mwezi. Mwajiri anaongeza asilimia 10 ya NSSF, ambayo ni 240,000, na asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ambayo ni 12,000. Kuna vijana watano wa kujitolea wanaopewa nauli ya 100,000 kila mmoja. Jumla ya watu ni 3,152,000.

Umeme tuupige taratibu, kwa sababu hapa ndipo wengi hukadiria tu. Transmita ya kisasa ya kilowati 1 haivuti kilowati 1. Sehemu ya umeme inageuka joto, na ufanisi wake ukiwa kama asilimia 65, inavuta karibu kilowati 1.55. Kwa saa 18 na siku 30 hizo ni uniti 837. Studio, kompyuta, kiyoyozi na taa ya mnara tuzipe uniti 400. Jumla ni 1,237. Kwa mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, bei ya 292 ikishaongezwa kodi na tozo inafika kama 356 kwa uniti, kwa hiyo LUKU ya mwezi ni kama 440,000. Jenereta tuipe saa 14 kwa mwezi. Ikinywa lita moja na nusu kwa saa, na lita tukiihesabu kwa 2,900, ni kama 60,000. Umeme wote: 500,000.

Intaneti, pango, usafiri, na fungu la kila mwezi la kulipia leseni tuseme 600,000. Mpaka hapo tuna 4,252,000 za kuendesha redio, na hatujabadilisha hata waya mmoja.

Vifaa vinataka mfuko wao. Transmita ya milioni 15 itakayodumu miaka 10 inataka 125,000 kila mwezi. Antena na kebo za milioni 6 kwa miaka 12 zinataka kama 42,000. Mikseri, maikrofoni na kompyuta za milioni 7.2 kwa miaka minne zinataka 150,000. Betri, UPS na stabilaiza za milioni 2.4 kwa miaka minne zinataka 50,000. Jumla ni kama 370,000. Tazama vizuri: vitu vidogo vya studio vinakula zaidi ya transmita, kwa sababu vinakufa mapema. Redio inayojiwekea akiba ya "siku transmita ikifa" peke yake imeacha zaidi ya nusu ya uchakavu nje ya hesabu.

Kwa hiyo lengo letu ni 4,620,000 kwa mwezi. Bei za kwenu zitatofautiana, lakini mpangilio ni huu huu.

Vigezo vinne

Kila njia nitaipima kwa maswali manne. Hela inaingia lini ukilinganisha na bili? Inataka watu wangapi na wa aina gani? Inabadilisha vipi saa za hewani na umeme? Na mwisho wa mwezi, kwa vifaa kunabaki nini?

Swali la nne nalitilia mkazo kwa sababu ya jambo nililoshuhudia. Redio moja niliyokuwa nikiifanyia hesabu ilikuwa na transmita nzuri kabisa. Kwenye kioo cha transmita kuna namba mbili za kuangaliwa kila asubuhi: FWD, nguvu inayokwenda kwenye antena, na RFL, nguvu inayorudi. Kwa kilowati 1, antena na kebo zikiwa salama, RFL ya wati 8 hivi ni ya kawaida. Masika ilipoanza ikapanda hadi 40. Jua likiwaka inashuka, mvua ikinyesha inapanda. Dalili hiyo maana yake ni maji kuingia kwenye kiungo cha kebo juu ya mnara. Fundi alisema hivyo, na alitaka kiungo kipya, utepe wa kuzuia maji na malipo ya mtu wa kupanda. Ilikuwa kazi ya laki chache. Kwenye bajeti hapakuwa na kasma ya matengenezo, na fedha zote zilizokuwepo zilikuwa za mradi. Ikasubiri. Wiki ya tatu moduli ya nguvu ikaungua, na bili ikawa ya mamilioni, pamoja na siku 19 za ukimya.

Tangu hapo kila bajeti ninayoisoma naanzia chini, kwenye mstari wa vifaa, kisha napanda juu.

Njia ya kwanza: kuuza vipindi vizima

*Hela inaingia lini.* Huu ndio uzuri wake mkubwa. Mnunuzi wa nusu saa anaweza kulipa mwezi mzima kabla hajapanda hewani, na akichelewa, kipindi chake hakiruki. Tukiuza nusu saa kwa 40,000, mara nne kwa siku, siku sita za wiki, tunapata vipindi kama 104 kwa mwezi, sawa na 4,160,000. LUKU inanunuliwa tarehe mosi bila kumwomba mtu. Kwa redio isiyo na akiba, hiyo ni pumzi.

*Watu.* Inataka wachache. Hakuna mwandishi wa kipindi wala gari la kwenda Rombo. Anahitajika mtu wa mitambo na mtu mmoja anayesikiliza kila kipindi kabla hakijaruka. Huyo wa pili msimwondoe kwa kubana matumizi. Leseni ni ya redio, na mnunuzi akiahidi dawa ya kuponya kila kitu au akimtukana jirani yake, atakayeitwa kujieleza ni ninyi.

*Saa na umeme.* Vipindi 24 vya nusu saa ni saa 12 kwa wiki, kati ya saa 126 mnazorusha. Inaonekana ni chini ya sehemu moja ya kumi. Tatizo ni kwamba wanunuzi hawataki saa nane mchana. Wanataka saa 12 hadi 2 asubuhi, watu wanapojiandaa kwenda kazini, na saa 1 hadi 3 usiku, familia ikiwa nyumbani. Saa hizo nzuri zipo 28 tu kwa wiki. Ukizitoa 12, umeuza karibu nusu ya muda ambao watu wanakusikiliza kweli. Matokeo hayaonekani mwezi wa kwanza. Yanaonekana simu za salamu zinapopungua, na wenye maduka wanapoanza kusema "siku hizi siwasikii."

Wengine hujaribu kukwepa hilo kwa kuongeza saa za usiku wa manane na kuziuza kwa bei ya chini. Umeme hauzuii jambo hilo. Gawanya uniti 1,237 kwa saa 540 za mwezi, na kila saa ya hewani inakula kama shilingi 815 tu za LUKU. Kwa jenereta ni 4,350, mara tano zaidi. Kinachogharimu usiku ni mtu wa zamu, nauli yake na usalama wake, na jenereta ikiwa umeme utakatika. Kabla ya kuuza saa sita usiku, hesabuni hayo.

*Vifaa.* Mapato ya 4,160,000 yanakaribia gharama za uendeshaji kwa upungufu wa kama 92,000, lakini mfuko wa vifaa haupati kitu. Na kuna hatari ya kumtegemea mmoja. Mnunuzi mwenye vipindi sita kwa wiki anashika robo ya mapato, 1,040,000 kwa mwezi, zaidi ya mishahara ya watangazaji wote wawili. Akihamia redio ya Arusha, pengo linaonekana mwezi huohuo. Mimi hushauri mkataba wa maandishi, malipo ya mwezi mmoja mbele, na amana ya mwezi mwingine inayorudishwa akiondoka kwa notisi.

*Inamfaa nani.* Redio changa isiyo na mtaji wa kuzungushia, au iliyotoka kwenye madeni na inataka miezi sita ya utulivu.

Njia ya pili: matangazo madogo

*Hela inaingia lini.* Hapa kuna makundi mawili yenye tabia tofauti kabisa, na bajeti nyingi huyachanganya. Matangazo ya vifo, mikutano ya ukoo, vitu vilivyopotea na salamu hulipwa dirishani au kwa simu kabla hayajasomwa. Ni shilingi elfu chache chache, ila ni fedha taslimu, na ndiyo sababu mojawapo ya mama wa Kibosho au Marangu kufungua redio yenu saa ya matangazo hayo. Msiyapandishe bei hovyo. Kundi la pili ni wafanyabiashara: maduka, shule binafsi, kumbi, wauza pembejeo. Hawa hutangaza kwanza na kulipa baadaye, na siku 60 ni za kawaida.

Tuchukue matangazo 480 kwa mwezi, 16 kwa siku, kwa 10,000. Kwenye karatasi ni 4,800,000, namba inayozidi lengo letu, na bodi hufurahi. Lakini ukikusanya asilimia 90 ni 4,320,000. Mtu wa mauzo akichukua kamisheni ya asilimia 20, inabaki 3,456,000. Umepungukiwa 1,164,000. Ili kufika 4,620,000 kwa masharti hayohayo unahitaji matangazo kama 642, yaani 21 hadi 22 kwa siku, siku zote 30.

Na hela inapochelewa siku 60, redio inatakiwa kuwa na miezi miwili ya uendeshaji mkononi, kama milioni 8.5, ili ivuke daraja hilo. Hiyo ndiyo bei halisi ya kuingia kwenye njia hii, na sijaona bajeti nyingi zilizoiandika.

Halafu kuna msimu. Moshi haiuzi sawasawa mwaka mzima. Kuanzia katikati ya Novemba mji unajiandaa kupokea watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, na wenye maduka, vinywaji na kumbi wanatafuta redio wenyewe. Fedha za kahawa nazo huzunguka zaidi nusu ya pili ya mwaka, mavuno yanapokuja. Mwishoni mwa Februari mbio za Kilimanjaro zinaleta wageni. Januari ada za shule zinakausha mifuko, na masika, Machi hadi Mei, biashara inanyong'onyea, wakati huohuo radi na maji vinapoiandama transmita yenu. Bajeti inayogawa mwaka kwa 12 itadanganya miezi mitano. Andikeni kila mwezi kivyake, na sehemu ya Desemba ifungwe kwa ajili ya Aprili.

*Watu.* Inataka miguu. Mtu mmoja au wawili wa kuzunguka Mbuyuni, Memorial, Kiboriloni na stendi, wenye kitabu cha oda. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni kulipa kamisheni oda inapoandikwa. Muuzaji analipwa leo, deni linabaki kwa redio, na yeye hana sababu ya kurudi dukani kudai. Kamisheni ilipwe siku hela inapoingia. Nilipomweleza kijana mmoja wa mauzo hivyo alinuna. "Kaka, unanipunguzia riziki," aliniambia. Baada ya miezi mitatu alikuwa anajua kwa kichwa nani hulipa na nani hujificha.

*Saa na umeme.* Njia hii haiongezi saa wala uniti. Inachotaka ni uhakika wa kuwa hewani. Mteja aliyelipia saa moja jioni na umeme ukakatika anadai tangazo lake lirudiwe, na ana haki. Hapa mafuta ya jenereta ni gharama ya kutunza mapato. Saa moja ya jioni yenye matangazo matano ni 50,000, jenereta ni 4,350. Washeni. Saa tisa mchana isiyo na tangazo, mnaweza kusubiri.

*Vifaa.* Mwezi mzuri unaacha kitu na mwezi mbaya hauachi. Mfuko ukijazwa na kinachobaki, hautajaa. Utoeni kwanza, japo kidogo, kila hela inapoingia: asilimia 8 ya kila makusanyo ya 4,620,000 ndiyo ile 370,000.

*Inamfaa nani.* Redio inayosikika vizuri mjini na penye masoko, yenye vipindi ambavyo watu wanavifuata na akiba ya kuvuka miezi miwili.

Njia ya tatu: mikataba ya miradi

*Hela inaingia lini.* Kwa mafungu, na fungu la mwisho huchelewa. Tuseme mkataba wa miezi sita wa 24,000,000: asilimia 40 mwanzoni, 40 baada ya ripoti ya katikati, 20 baada ya ripoti ya mwisho. Mlipaji anakata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Ombeni cheti chake, maana inahesabika kwenye kodi yenu, lakini leo haiko mkononi: ni 1,200,000. Usafiri, posho za wageni wa kipindi, mtayarishaji na ufuatiliaji tuvipe asilimia 40, yaani 9,600,000. Inabaki 13,200,000, sawa na 2,200,000 kwa mwezi. Mkataba mmoja unabeba chini kidogo ya nusu ya redio. Ile milioni 4.8 ya mwisho mtakuwa mmeshaitumia kwa kazi kabla haijafika.

Hatari ya njia hii ni kukopa ndani. Fungu la kwanza linaingia, akaunti inanona, LUKU na mishahara inachotwa humo, na mwezi wa nne hakuna nauli ya kwenda kurekodi Same. Ripoti inachelewa, fungu linachelewa. Kila mkataba uwe na leja yake, ikiwezekana na akaunti yake.

*Watu.* Unataka watu wanaoweza kuandika ripoti na kutunza risiti, na mara nyingi unaajiri. Hapo kuna ngazi ya kuiona mapema: mwajiri akifikisha waajiriwa 10 anaingia kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo mwaka 2023 iliwekwa asilimia 3.5 ya mishahara yote. Redio yetu ina sita. Ikiongeza wanne wa mradi kwa 450,000 kila mmoja, mishahara inakuwa 4,200,000 na tozo, kwa kiwango hicho, 147,000 kwa mwezi, sawa na theluthi ya LUKU. Na wale vijana wa kujitolea, mkiwapangia zamu na kuwalipa kiasi kilekile kila mwezi, mkaguzi anaweza kuwaona ni waajiriwa. Linganisheni na mkataba wa kazi maalumu kabla ya kuajiri.

*Saa na umeme.* Kipindi kimoja kwa wiki na marudio yake hakisumbui ratiba. Kinachopotea ni malipo ya muda huo. Redio nyingi huandika kwenye bajeti ya mradi gharama za kutengeneza kipindi tu, kana kwamba mnara ni bure. Andikeni muda wa hewani kwa bei yenu ya kawaida: vipindi 26 na marudio 26 kwa 40,000 ni 2,080,000. Katika mstari huo ndimo umeme na uchakavu vinaweza kuingia kihalali. Mfadhili akisema halipii uchakavu, huo si uchakavu. Ni huduma mnayomuuzia kama mnavyomuuzia mwingine. Ukiwemo kwenye mkataba tangu mwanzo, unaweza kuujaza mfuko wa vifaa kwa miezi mitano na zaidi.

*Vifaa.* Miradi hununua kinachopigwa picha: rekoda, kompyuta mpakato, kamera. Ni msaada wa kweli na unapunguza ile 150,000 ya studio. Kebo, kiungo, feni na chujio la vumbi la transmita hakuna anayeviombea. Chujio likiziba, joto linapanda na moduli inaanza kuchoka bila kelele. Kama mkataba una fungu la vifaa, ombeni vitu hivyo kwa majina.

*Inamfaa nani.* Redio yenye mhasibu makini na wasikilizaji wa mahali ambapo mashirika yanafanya kazi, hata kama pana maduka machache.

Kuhusu transmita, kabla hamjapanga

Njia yoyote mtakayochagua, ikiwa transmita inakaribia kubadilishwa, jiulizeni kama lazima iwe ya nguvu ileile. Kuongeza maradufu idadi ya antena kwenye mnara kunafanya kazi sawa na kuongeza maradufu nguvu ya transmita. Wati 500 na antena nne zinatoa nguvu ile ile ya kilowati 1 na antena mbili. Kwa redio yetu ingeokoa kama uniti 418, karibu 149,000 kwa mwezi, na transmita yenyewe ni ya bei ya chini.

Kuna mpaka wake, na kwetu ni muhimu kuliko kwa watu wa tambarare. Antena zikiongezeka, mawimbi yanabanwa na kwenda mbele kama mwanga mwembamba wa tochi. Mnara ukiwa juu mlimani, mwanga huo unaweza kupita juu ya vichwa vya walio chini yake karibu, wakati mtu wa mbali huko TPC anasikia safi. Fundi anaweza kuzipanga zielekee chini kidogo, lakini lazima aambiwe mapema. Na kwa kuwa leseni imetaja nguvu na antena zenu, mabadiliko yanapitia TCRA kwanza.

Kulingana na hali yenu

Redio nyingi huishia kuchanganya, na swali linakuwa hela ipi ilipe bili ipi. Mpangilio uliokaa vizuri mahali nilipofanya kazi ni huu: hela inayolipwa mbele, yaani vipindi na matangazo ya dirishani, ilipe LUKU na mishahara, matangazo ya wafanyabiashara yalipe pango, usafiri na kamisheni, muda wa hewani ndani ya mikataba uende kwenye vifaa.

Kama redio haijafikisha mwaka na akiba haifiki mwezi mmoja, anzeni na vipindi vya kununuliwa, ila fungeni saa 12 hadi 2 asubuhi kwa ajili yenu wenyewe. Mtauza kwa bei ya chini kidogo na mtabaki na wasikilizaji wa kuwauzia wenye maduka mwakani.

Kama mko Moshi mjini na mnasikika sokoni, jengeni matangazo madogo, mkianza mwezi wa tisa ili Desemba iwakute na wauzaji waliokwisha kujulikana. Kuanza Januari ni kuanza wakati mgumu kuliko yote.

Kama mko Rombo, Same au pembezoni mwa Arusha ambako maduka ni machache, mikataba itabeba sehemu kubwa. Lengeni miwili inayopishana miezi mitatu, fungu la mmoja liingie wakati mwingine unasubiri ripoti.

Kama mmepata fedha nyingi za msimu, mfano matangazo ya kampeni kama mwaka 2025, msiajiri kwa hela hiyo. Haitarudi kwa miaka mitano, mishahara itarudi kila mwezi. Iingizeni kwenye mnara.

Na kama RFL yenu imekuwa ikipanda kila mvua inaponyesha, acheni kulinganisha kwa wiki moja. Chukueni hela ya kwanza itakayoingia isiyo ya mradi, mumlipe fundi apande.